Ile N niliyoikata

Karatasi ilikua ya kauntabuku, imechanwa kwa haraka mpaka upande mmoja umebaki na meno meno, imekunjwa mara nne. Kijana wa dukani kwa Mzee aliniletea jioni wakati nafunga kibanda changu cha kutoa kopi. Akaninyooshea alafu akabaki amesimama.

"Mzee kasema nisubiri jibu."

Nikaifungua hapo hapo mlangoni. Ilikua na mistari michache tu, kwa peni ya bluu:

"Mwalimu mwanangu, habari za kazi. Fundi wa bango anaanza kupaka kesho asubuhi. Maneno ndio haya hapa chini kama yatakavyokaa kwenye bati. Wewe umefanya kazi ya magazeti, naomba unithibitishie herufi zote zipo sawa maana rangi ikishakauka haina msamaha. Kijana anasubiri. Ni mimi jirani yako wa nafaka."

Na chini yake, kwa herufi kubwa:

DUKA LA NAFAKA
NAFAKA ZA HAINA ZOTE
MCHELE UNGA MAHARAGE NDENGU
JUMLA NA REJA REJA

Nilitumia kama dakika tatu hivi. Nikakata herufi mbili, nikaunganisha neno moja, nikaandika "sawa" pembeni, nikamrudishia kijana. Nikafunga kibanda nikaenda zangu kula.

Hiyo ni zaidi ya mwezi sasa na bado nazifikiria zile dakika tatu.

## Kwanini barua

Namanga ni mji mmoja wenye jina moja na serikali mbili. Upande wetu ni Longido, upande wa pili ni Kajiado, na katikati kuna kile kituo cha pamoja cha forodha ambacho marais wawili walikuja kukizindua Desemba 2018. Duka la Mzee na kibanda changu tunagusana ukuta, akikohoa namsikia. Angeweza kuniita tu. Angeweza kupiga simu, anayo ya kitochi.

Mwanzoni nilidhani ni heshima za kizamani. Baadae ndio nikaelewa kwamba barua ilikua ndio njia pekee yenye akili, kwasababu swali lake lilikua la macho. Ukiniuliza kwa mdomo "nimeandika aina zote, ni sawa?" mi nitajibu ni sawa, na wewe kwenye daftari lako una HAINA. Huku kwetu hiyo h inaingia na kutoka kwenye maneno kama mbuzi kwenye boma lisilo na mlango, mtu anasema "apa nyumbani" alafu anasema "hasubui", na masikio yetu yameshazoea, hayashtuki. Karatasi haikusaidii kudanganya. Ilikua ndio karatasi ile ile atakayopewa fundi, kwahiyo nilichokisoma mimi ndicho kitakachopakwa.

Huyo mzee alishafikiria mbali kuliko mimi niliyesomea.

(Mwalimu ananiita tu, sijawahi kufundisha. Nilikua msoma prufu kwenye gazeti moja Dar, miaka saba, zamu ya usiku. Hapa mtaani ukivaa miwani na ukawa na kalamu nyekundu basi wewe ni mwalimu.)

## Herufi kubwa ndizo zinazopita

Kwenye chumba cha prufu kuna kitu unafundishwa wiki ya kwanza kabisa: makosa mabaya hayakai kwenye habari, yanakaa kwenye kichwa cha habari. Habari ndogo ndogo unaisoma umekunja uso, kila mstari. Kichwa kimeandikwa kubwa kama nyumba, mhariri kakiona, mpangaji wa kurasa kakiona, kila mtu anadhani mwenzake keshakisoma, kinapita. Asubuhi nchi nzima inakiona.

Alafu herufi kubwa zina tabia yake. Neno lililoandikwa kwa herufi ndogo lina umbo, h inachomoza juu, g inaning'inia chini, kila neno na mgongo wake. Ukiliandika kwa herufi kubwa linakua tofali tu, yote yana kimo kimoja. Ndio maana bango lina makosa ambayo mwandishi huyo huyo asingeyafanya kwenye barua.

Na hii haikua nadharia, nilikua nimeishika mkononi. Angalia barua yake: "rangi ikishakauka haina msamaha". Haina, ya kukanusha, kaiandika sawa kabisa. Mistari miwili chini yake kwenye maneno ya bango kaandika HAINA ZOTE, yaani duka la nafaka za "haina zote", ukilisoma kwa ukali ni kama anawaambia wateja hamna kitu humu. Mtu mmoja, peni moja, karatasi moja.

Mbinu yetu ya herufi kubwa ilikua kusoma kinyumenyume, unaanzia neno la mwisho unarudi nyuma, unaweka kidole kwenye kila herufi. Ukisoma kutoka mbele maana inakubeba na unaona neno ulilolitegemea. Ukisoma kutoka nyuma hakuna maana ya kukubeba, kila neno linasimama peke yake kama mtuhumiwa.

Ndivyo nilivyofanya. REJA REJA, hapana, kwenye kamusi ni neno moja, rejareja, nikachora kipinde cha kuunganisha. NDENGU. Nikasimama kidogo. Nikakata N. MAHARAGE, sawa, wengine wanaandika maharagwe lakini huku kwetu nani anasema maharagwe. UNGA. MCHELE. ZOTE. HAINA, nikakata H. Nilitaka hata kumwambia kwamba maharage na hizo dengu kitaalamu sio nafaka, ni jamii ya kunde, nafaka ni mchele na mahindi na mtama, lakini nikasema hapana, hilo halikuulizwa, usiwe mtu wa hivyo.

Yaani nilijipongeza kwa kujizuia.

## Kilichopita kichwani kwenye NDENGU

Hapa ndipo ninaporudi rudi, kwahiyo nivumilieni.

Nilipoliona NDENGU nilisimama, kweli nilisimama, labda sekunde mbili. Na nilichofikiria ni hiki: watu wengi wa bara wanapachika n mbele ya d. Utasikia ndawa, ndereva. Nikasema Mzee kaandika anavyotamka, hiyo ni H ya HAINA kwa sura nyingine, herufi ya ziada mbele ya neno. Neno DENGU lipo, nalijua, nimelila, lipo kwenye kamusi. Kalamu ikapita.

Neno lipo ni kweli. Ila sio kitu alichokua anauza.

Kwa wasomaji wa mbali na mpaka ngoja niliseme taratibu. Kwetu Tanzania dengu ni zile punje kubwa kubwa za rangi ya kahawia, zina kama kadomo kwa mbele, kule Shinyanga na Mwanza zinalimwa sana. Zile ndogo za kijani, za mviringo, tunaziita choroko. Ukivuka kizuizi pale mita mia kadhaa tu, choroko zinaitwa ndengu. Ukambani kote, Kitui, Makueni, zinakolimwa, ni ndengu. Nairobi ni ndengu na chapati. Ukishuka mpaka pwani yao Mombasa utakuta zinaitwa pojo, lakini hiyo ni safari nyingine.

Kwahiyo dengu na ndengu ni mbegu mbili tofauti, mfuko tofauti, bei tofauti, mapishi tofauti, na kinachozitenganisha kwenye bango ni N moja.

Mzee anauza zote mbili. Lakini kwenye bango nafasi ilikua ya vitu vinne tu na kachagua vinne anavyouza kwa wateja wa upande wa pili, kwasababu hao ndio wanaopita na kusoma mabango, sisi wa huku tunamjua tayari hatuhitaji bango. Aliandika NDENGU akiwa na akili timamu, kwa lugha ya mnunuzi.

Na hakuna kifaa ambacho kingenisaidia. Kompyuta isingepiga laini nyekundu chini ya DENGU. Isingepiga hata chini ya HAINA. Yote ni maneno halali ya Kiswahili. Kosa halikua ndani ya neno, lilikua kati ya neno na gunia.

## Wiki tatu za kimya

Bango lilipanda na likapendeza jamani. Bati futi sita kwa tatu, fremu ya chuma, fundi kalipiga andakoti alafu rangi nyeupe ya mafuta mikono miwili, maandishi mekundu. Nililipiga picha na simu. Nikamwonyesha mke wangu, nikamwambia "hiyo H niliitoa mimi".

Hakuna kilichotokea siku ya pili, wala wiki ya pili. Watu wa upande wa pili waliendelea kuja na kuulizia ndengu kwa mdomo na Mzee mwenyewe akiwepo anawapimia choroko bila hata kufikiri, ameshafanya hivyo miaka. Bango lilikua limekosea juu ya vichwa vyao na biashara inaendelea chini.

Tatizo lilikuja siku Mzee alipokwenda Arusha akamwachia kijana.

Kijana katokea Shinyanga. Kwao dengu ni zao la biashara, kazivuna kwa mikono yake. Kabla ya bango, mteja akitaja ndengu alikua anauliza "zile za kijani?" kwasababu alishaonywa. Baada ya bango akaacha kuuliza. Na ukimuelewa kijana huwezi kumlaumu, limeandikwa kwa rangi nyekundu na msomi jirani kalithibitisha, kumbe hawa Wakenya wanapotaja ndengu wanamaanisha dengu ya kwetu, ila wanaitamka na n kama wanavyotamka ndawa.

Yaani alifikiri kitu kile kile nilichofikiri mimi. Alikitoa kwangu.

Mama mmoja mwenye hoteli ndogo upande wa pili akamtuma mtu wa boda na hela, ndengu kilo kumi. Asubuhi mapema, za kupika mchana ule ule. Choroko unaziosha unazibandika, saa sita zimeiva. Dengu usipoziloweka usiku kucha utabandika mpaka kuni ziishe. Boda akabebeshwa dengu.

Nilikua ndani ya kibanda nasubiri mashine ipoe nikasikia sauti ya mama.

"Kijana, mimi niliagiza ndengu. Hizi ni nini?"

"Ndio dengu hizo mama. Hata bango limeandika."

"Bango gani? Mimi sijasema dengu, nimesema ndengu."

"Ndio hizo hizo mama, hiyo n haiandikwagi."

Haiandikwagi.

Nikaacha mashine nikatoka nje, nikainua macho kwenye bati. MAHARAGE DENGU. Nililitazama kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, na nadhani ilikua kweli mara ya kwanza, kwasababu lile la kwanza nililisoma kinyumenyume.

Tulimbadilishia. Nilisaidia kubeba. Mchana wake ulikua umeshaharibika na alitwambia hivyo, bila matusi, na alikua na haki.

## Kwanini Mzee hakubisha

Hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko hata kilo kumi za dengu.

Mzee anajua ndengu kuliko mimi. Anaziuza, anazipeta, anajua mzigo upi una wadudu kwa kuunusa tu. Karatasi ilipomrudia na N imekatwa, kwanini hakuniita? Aliporudi Arusha nilikwenda kumuuliza. Nikaamkia, nikakaa kwenye gunia, nikamweleza yote.

Akasema: "Mwanangu, mi niliona umekata. Nikajua kwenye kuandika ndivyo inavyokua. Si umekata na H ya haina? Mi maisha yangu yote nasema haina zote, haina zote za mchele, na kumbe kwenye kuandika hiyo H haipo. Nikasema basi na hii N ni hivyo hivyo. Inasemwa, haiandikwi."

Sikua na la kusema.

Kwasababu nilikua nimemsahihisha kweli. H ilikua kosa kweli. Na usahihi wangu kwenye H ndio uliompa imani ya kumeza uongo wangu kwenye N. Kama ningekosea yote mawili angenibishia, angesema huyu mwalimu gani. Nusu ya kweli ndio ilipitisha nusu nyingine, na zote mbili zilikua na sura moja kwenye karatasi, mstari mdogo wa kalamu juu ya herufi ya kwanza. Hakuna alama yoyote iliyomwonyesha kwamba hii nina uhakika nayo na hii nimebahatisha.

Na gazetini tulikua na alama hiyo! Hilo ndio linaloniuma. Ukikuta neno unaloweza kuapa kwamba ni kosa unalikata. Ukikuta neno ambalo linaweza kua kosa na linaweza kua mwandishi anajua kitu usichokijua wewe, hulikati, unalizungushia duara, unaweka alama ya kuuliza pembeni, unarudisha kwa mwandishi. Jina la mtu, jina la kijiji, bei, jina la mbegu. Miaka saba nimeweka maduara kwenye majina ya watu waliotaka kuitwa hivyo hivyo walivyoandikwa. Nimetoka kazini, nimekaa kibandani, na kwa jirani nikaona duara halina haja. Kwa Mzee wa nafaka nilikata tu.

Sijui kama ni njaa ya jioni ile au ni kitu kibaya zaidi ya njaa.

Kuna jambo lingine nililijua siku zote na halikuja kichwani nilipolihitaji. Hii tahajia yetu tunayoandika pande zote mbili za kizuizi ni moja kwasababu wakati wa mkoloni, mwaka 1930, iliundwa kamati ya lugha ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, kazi yake ikiwa kusanifisha Kiswahili kwa kutumia lahaja ya Unguja. Kwahiyo a-i-n-a ni aina, Namanga hii na Namanga ile, hapo mtu anaweza kukata H bila kumuuliza mtu. Ila hakuna kamati iliyokuja kusawazisha vinavyopikwa kwenye sufuria. Majina ya kunde yalibaki kwa wakulima na wanunuzi.

## Namna ya kurudisha N moja

Mnadhani kuongeza herufi moja ni kazi ndogo. Mi pia nilidhani.

Fundi alikuja na futi yake akanionyesha hesabu. Bati ni futi sita, nchi 72. Anaacha nchi tatu kila upande, zinabaki 66. Mstari wa tatu kama Mzee alivyouandika mwanzo ulikua na herufi 24 na nafasi tatu kati ya maneno, jumla 27, kwahiyo kila moja inapata nchi mbili na karibu nusu. Anapiga uzi wa chaki juu na chini, anagawa kwa penseli, anachora herufi zote kwa chaki kabla ya kufungua kopo. Hapo kwenye chaki ndio mahali pa kusahihisha, unafuta kwa kitambaa, bure. Mi nilipokata N zikabaki 26, akagawa upya, akatanua kidogo, akapaka.

Sasa N irudi wapi? Nafasi iliyopo kati ya MAHARAGE na DENGU inatosha herufi moja kamili. Ukiiweka N pale inakaa vizuri kabisa na unapata neno jipya la Kiswahili, MAHARAGENDENGU.

Tulicheka wote watatu, namshukuru Mungu kwa hilo.

Rangi mbichi unafuta kwa thina. Yenye wiki tatu haifutiki, ukikazana thina inakula mpaka nyeupe ya chini. Kwahiyo alipiga msasa laini juu ya DENGU yote, akaizika kwa nyeupe, mkono mmoja ukaonyesha wekundu kwa ndani kama damu kwenye bandeji, akaacha ikauke mpaka kesho yake, akaongeza mkono wa pili, alafu ndio akaandika NDENGU kwa herufi nyembamba zinazoingia kidogo kwenye ile pembezoni ya nchi tatu. Nililipa mimi. Mzee alikataa, nikamlipa fundi pembeni.

Nilipendekeza tuandike CHOROKO tukamaliza ubishi. Mzee akatikisa kichwa. "Choroko atasoma nani? Wewe? Wewe hujawahi kununua." Akachukua kipande cha boksi akaniambia niandike CHOROKO kwa maka pen, akakichomeka kwenye gunia ndani, kwa ajili yetu sisi. Na kingine DENGU kwenye gunia la pili. Kijana anasoma maboksi saizi, bango kaliacha.

Kiraka kinaonekana. Vumbi la huku limeshaligeuza bati lote kua rangi ya maziwa ya chai na pale kwenye NDENGU bado peupe kama jino la bandia. Jua la saa nane likipiga ubavuni unaona DENGU ya zamani imevimba kidogo chini ya rangi.

## Karatasi ya pili

Juzi kijana kaja tena. Kauntabuku ile ile, meno meno yale yale. Mzee anataka kibao kidogo cha mlangoni na maneno ni UNGA WA MUHOGO, SEMBE NA DONA, na barua ilikua na swali moja: "Mwalimu, U ya muhogo ipo au inasemwa tu?"

Muhogo, mhogo, nimeona vyote vinaandikwa, mi mwenyewe naandika muhogo. Nilikua na kalamu mkononi. Sikukata kitu. Nikazungushia MUHOGO duara, nikaweka alama ya kuuliza pembeni, kubwa, alafu sikumpa kijana karatasi, nikavaa ndala nikaenda nayo mwenyewe. Hatua sita.

Mzee alikua anapima mchele. Akaipokea, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya, akaisoma mpaka chini, akarudi kwenye duara langu.

"Sawa," akasema. "Na hiki kialama cha kuuliza, nacho fundi akipake?"